Samaki Wanaopanda Juu Mtu Akikaribia Tangi: Njaa, Hewa au Mazoea?

Mwenye tangi la samaki sebuleni, dukani au kwenye mapokezi ya hoteli analijua jambo hili. Chumba kikiwa kitupu, samaki wametawanyika, mmoja anachokonoa changarawe, mwingine ametulia nyuma ya mmea. Mtu akisogea hatua chache, wote wanakimbilia juu, tena upande uleule aliosimama, midomo ikifunguka na kufumba kwenye uso wa maji.

Maelezo yanayotolewa yanagongana. Wapo wanaosema samaki wana njaa, basi wapewe chakula. Wapo wanaosema hewa imewaishia majini, basi pampu iwashwe au maji yabadilishwe. Wengine wana hakika kwamba samaki wanamjua mwenyewe na wamekuja kumlaki. Ingekuwa ni mjadala wa kupitisha jioni tu, usingehitaji kuchambuliwa. Lakini maelezo mawili ya kwanza yanadai vitendo vinavyopingana. Chakula kinachotiwa ndani ya maji hutumia oksijeni, kiwe kimeliwa au kimebaki kuoza. Anayewalisha samaki wanaotafuta hewa anawaongezea dhiki, na anayeendelea kufanya hivyo kwa siku kadhaa atawaua huku akiamini anawahurumia.

Uchambuzi huu unamfuata zaidi samaki wa dhahabu, kwa sababu ndiye anayefugwa sana kwenye matangi ya kioo majumbani. Sato na kambale wataingia pale wanapotusaidia kuona tofauti.

## Samaki anamjuaje mtu aliye nje ya maji

Swali la kwanza ni jinsi habari ya ujio wa mtu inavyofika majini. Inafika kwa njia mbili, nazo hufanya kazi pamoja.

Njia ya kwanza ni macho. Samaki wa dhahabu huona rangi vizuri. Jicho lake lina aina nne za seli za kutambua rangi, wakati la binadamu lina tatu. Ila hawezi kuona mambo madogo madogo kwa umbali kama sisi. Kupitia ukuta wa kioo, mtu anayekaribia huonekana kama umbo kubwa linalosogea na kuzidi kukua. Kwa samaki aliye kwenye bwawa au pipa linalotazamwa kutoka juu tu, mambo yako tofauti kidogo. Mwanga hupinda unapoingia majini, kwa hiyo ulimwengu wote wa juu humfikia samaki kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo, uso wa maji humwonyesha sakafu ya bwawa kama kioo. Mtu anayekuja kwa miguu huonekana kwanza kwenye ukingo wa duara hilo, amebanwa na kufupishwa, kisha huinuka kadiri anavyosogea.

Njia ya pili ni mtikisiko. Kishindo cha mguu hupita sakafuni, hupanda kwenye meza na kioo, kikaingia majini. Samaki wote wana mstari wa viungo vya hisia ubavuni unaopokea misukumo midogo ya maji ya karibu. Samaki wa dhahabu na ndugu zake wana kingine cha ziada: mnyororo wa vifupa vidogo unaounganisha kibofu cha hewa na sikio la ndani. Kibofu kinatetemeka kwa sauti, vifupa vinapeleka mtetemo huo sikioni. Kambale nao wana vifupa hivi. Sato hana, na usikivu wake ni hafifu zaidi. Ndiyo maana samaki wa dhahabu anaweza kuanza kupanda kabla mtu hajaingia chumbani.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita, nami naliona ndilo ufunguo wa swali lote. Umbo kubwa linalojitokeza ghafla juu ya maji, kwa samaki aliyezaliwa mtoni au ziwani, ni korongo au mdiria. Silika yake ni kuzama au kujificha. Samaki waliotoka dukani jana hufanya hivyohivyo: mtu akisogea wanajibanza kwenye kona ya chini. Wiki chache baadaye samaki walewale, kwenye tangi lilelile, wanamwona mtu yuleyule na kukimbilia juu. Ishara haijabadilika, ila jibu limegeuka kinyume kabisa. Maelezo yoyote yanayostahili kukubaliwa lazima yaeleze mgeuko huo.

## Hoja ya mazoea

Hoja yenye uzito mkubwa zaidi inasema samaki wamejifunza. Kila mara mtu alipokuja, punde chakula kilianguka kutoka juu. Baada ya marudio kadhaa, ujio wa mtu wenyewe ukawa tangazo la chakula. Ni kanuni ileile aliyoionyesha Mrusi Ivan Pavlov kwa mbwa waliotokwa na mate kabla ya kuonjeshwa nyama.

Kwamba samaki wanaweza kujifunza hivyo si jambo jipya. Mwaka 1923 Karl von Frisch, mwanasayansi wa Austria ambaye miaka 50 baadaye alipata Tuzo ya Nobeli kwa utafiti wake kuhusu nyuki, alichapisha habari za kambale mdogo kipofu aliyekuwa akijificha ndani ya bomba chini ya tangi. Von Frisch alikuwa akipiga mluzi, kisha anateremsha kipande cha nyama. Baada ya siku kadhaa kambale alitoka bombani kwa mluzi peke yake, kabla chakula hakijaingia majini. Lengo lilikuwa kuthibitisha kwamba samaki wanasikia, jambo lililobishaniwa wakati huo, lakini jaribio lilionyesha pia jinsi samaki anavyounganisha ishara na mlo. Mwaka 1994 watafiti wa Plymouth, Uingereza, walieleza jinsi samaki wa dhahabu walivyojifunza kusukuma kidude kilichotoa chakula, na kukisukuma zaidi katika saa moja tu ya siku ambayo kilikuwa kinatoa. Dhana ya kwamba samaki wa dhahabu husahau kila kitu baada ya sekunde tatu haina msingi wowote.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaeleza mambo mengi kwa pamoja. Inaeleza kwa nini samaki wapya hawapandi juu. Inaeleza kwa nini wanakwenda kona ambayo chakula humwagwa, hata kama mtu amesimama pembeni kidogo. Inaeleza pia kwa nini mgeni ambaye hajawahi kuwalisha hupokewa kwa shangwe ileile. Na inaeleza ukaidi wa tabia yenyewe: katika nyumba ambayo mtu hupita mbele ya tangi mara 20 kwa siku na kulisha mara mbili tu, mtu angetegemea samaki wakate tamaa. Wanyama hufanya kinyume. Malipo yanayokuja mara kwa mara bila mpangilio hujenga mazoea magumu kuvunjika kuliko malipo ya kila safari. Samaki hapotezi kitu akipanda bure, kwa kuwa ndani ya tangi hakuna korongo, lakini akichelewa siku ambayo chakula kimekuja, wenzake watakuwa wamekimaliza.

Ushindani huo hueneza tabia. Samaki mmoja aliyezoea akikimbilia juu, wengine humfuata bila kujua sababu, nao hulipwa. Ndiyo maana samaki mgeni anayetiwa kwenye tangi la wenyeji hujifunza upesi kuliko anayewekwa peke yake.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haisemi chochote kuhusu hali ya tumbo. Inatueleza samaki anatarajia nini, haituelezi anahitaji nini. Na wengi hukosea hapo, kwa kudhani kuwa kutarajia na kuhitaji ni kitu kimoja.

## Hoja ya njaa

Anayesema samaki wana njaa ana ushahidi mmoja thabiti: akitupa chakula, kinaliwa chote, tena kwa pupa. Je, hilo halitoshi?

Kwa samaki wa dhahabu halitoshi, na sababu iko kwenye umbile lake. Samaki huyu, kama ndugu zake wa jamii ya kapu, hana tumbo la kuhifadhi chakula. Kinachomezwa huingia moja kwa moja kwenye utumbo mrefu. Asili yake ni kula kidogo kidogo mchana kutwa, akichuja matope na kung'oa mwani, vyakula vyenye maji mengi na lishe haba. Mnyama wa namna hiyo ameumbwa akiwa tayari kula karibu wakati wote. Utayari wake si ushahidi kwamba amepungukiwa.

Sato ana tumbo la kweli, na hushiba kwa namna inayoonekana. Wafugaji wa sato kwenye matangi na vizimba huitegemea tofauti hiyo kila siku: hutupa punje zinazoelea kidogo kidogo, wakaangalia jinsi maji yanavyochemka kwa samaki, na kasi ikianza kulegea wanaacha. Kwao kukimbilia juu ni kipimo chenye maana, kwa sababu huwa kuna pa kushukia. Yule anayechukua desturi hiyo ya sato na kuitumia kwa samaki wa dhahabu, akingoja walegee ndipo aache, atamaliza mkebe.

Mfano mwingine unatoka Ziwa Tanganyika. Samaki wa jamii ya trofeusi, wanaovuliwa na kusafirishwa nje kama samaki wa mapambo, hukwangua mwani kwenye miamba kutwa nzima. Ndani ya tangi nao hujifunza haraka kuomba. Wakipewa vyakula vizito vyenye protini nyingi ya nyama kila wanapoomba, huvimba tumbo na kufa, na wafugaji wa samaki hao duniani kote huutambua ugonjwa huo kama hatari yao kuu.

Mahitaji halisi ni madogo kuliko wengi wanavyodhani. Samaki wa dhahabu mkubwa anahitaji chakula kikavu cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Samaki wanne wenye gramu 20 kila mmoja wana jumla ya gramu 80, kwa hiyo gramu moja kwa siku inawatosha wote, na hiyo ni kiasi kidogo kwenye ncha ya kijiko. Samaki mzima mwenye afya huvumilia wiki nzima bila kulishwa. Njaa ya kweli ipo, hasa kwa vifaranga wanaohitaji kula mara nyingi, lakini kwa samaki wakubwa wanaolishwa kila siku ni maelezo dhaifu ya tabia hii.

## Hoja ya hewa

Hoja ya hewa haistahili kupuuzwa hata kidogo, kwa kuwa ndiyo pekee yenye kifo ndani yake.

Oksijeni huyeyuka kidogo sana majini. Maji baridi ya nyuzi 20 yakiwa yamejaa oksijeni kikomo chake, usawa wa bahari, hubeba miligramu 9 hivi kwa lita. Kwenye nyuzi 28, joto la kawaida la maji ya ndani ya nyumba Dar es Salaam au Mombasa, hubeba 7.8. Nairobi maji ni ya baridi zaidi lakini mji uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kiasi kinachoweza kuyeyuka hupungua kwa moja ya tano hivi. Na joto hubana pande zote mbili: maji hubeba kidogo, samaki naye huhitaji zaidi kwa kuwa mwili wake unakwenda mbio.

Oksijeni ikishuka sana, samaki wengi hupanda na kuvuta utando mwembamba wa maji unaogusana na hewa. Utando huo, wenye unene wa milimita chache, hupokea oksijeni moja kwa moja kutoka juu na huwa na nafuu hata pale maji ya chini yakiwa yamechoka. Samaki hanywi hewa yenyewe. Anapitisha maji hayo ya juu kwenye matamvua. Kwa mtazamaji, mdomo unaofunguka na kufumba kwenye uso wa maji unafanana sana na mdomo unaoomba chakula, na mkanganyiko unaanzia hapo.

Hata hivyo, hoja ya hewa ina kasoro moja isiyozibika inapotumiwa kueleza tabia tunayoizungumza. Samaki aliyekosa hewa hahitaji mtu ili apande. Yuko juu usiku wa manane, yuko juu chumba kikiwa kitupu, na hali yake huwa mbaya zaidi alfajiri, baada ya mimea na bakteria kula oksijeni usiku kucha bila mwanga wa kuirudisha. Ikiwa samaki wako chini wametulia na wanapanda pale tu mtu anapotokea, hewa si sababu. Mtu hamalizi oksijeni ya tangi kwa kusimama mbele yake.

Wapo pia samaki ambao kupanda juu ni desturi yao hata maji yakiwa safi. Kambale ana kiungo cha ziada karibu na matamvua kinachotumia hewa ya kawaida, na hupanda kuivuta mara kwa mara. Kamongo wa Ziwa Viktoria ana mapafu, na akizuiwa kufika juu hufa maji hata kama yana oksijeni. Kwa hao, safari moja ya haraka kwenda juu na kurudi chini haina maana ya dhiki.

Na kuna dhiki ya hewa isiyotokana na upungufu wa hewa. Amonia huunguza matamvua. Nitriti huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, damu ikageuka rangi ya kahawia. Klorini ya maji ya bomba hufanya madhara kama ya amonia. Katika hali hizi pampu inaweza kuwa inafanya kazi vizuri, maji yamejaa oksijeni, na samaki bado wanatweta juu.

## Hoja ya kumjua mwenyewe

Wanaosema samaki wanamtambua mlezi wao hawasemi jambo lisilowezekana. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Queensland walichapisha majaribio ya samaki wa Asia na Australia anayerusha maji kutoka kinywani kuangusha wadudu. Walimfundisha kurushia maji picha ya uso mmoja wa binadamu kwenye skrini, kisha wakamletea sura 44 asizozijua. Alichagua sura aliyofundishwa kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2025 watafiti waliofanya kazi kwenye bahari ya Mediterania karibu na kisiwa cha Korsika walionyesha kwamba samaki wa porini walimfuata mzamiaji aliyewahi kuwalisha na kumwacha mwenzake. Wazamiaji walipovaa mavazi yanayofanana kabisa, samaki hawakuweza tena kuwatofautisha.

Matokeo hayo ya mwisho ndiyo yanayotupa kipimo. Samaki wanaweza kutofautisha watu, lakini hutumia alama iliyo rahisi zaidi, na rangi ya nguo ni rahisi kuliko uso. Ndani ya nyumba ambamo baba, mama, watoto na wageni wote hufika mbele ya tangi, na yeyote kati yao anaweza kutupa chakula, hakuna faida ya kujifunza sura ya mtu mmoja. Umbo la binadamu lolote linatosha. Pale ambapo mlishaji ni mmoja tu kwa miezi mingi na wengine hawalishi kamwe, utambuzi wa mtu mmoja unaweza kujengeka. Hata hivyo msingi wake utakuwa uleule wa mazoea, ukiwa umeboreshwa. Kwa maoni yangu, hoja hii ni tawi la ile ya kwanza, wala haishindani nayo.

## Tangi la lita 60

Ili kuona jinsi hoja hizi zinavyokutana, tuchukue tangi la lita 60 lenye wale samaki wanne wa gramu 20, maji yakiwa nyuzi 28. Ni tangi dogo kwa samaki wa dhahabu wanne, lakini ndilo linalouzwa sana.

Maji yakiwa yamejaa oksijeni, tangi lote lina miligramu 468 za gesi hiyo. Haifiki nusu gramu. Gramu moja ya chakula kilichobaki chini ikioza kabisa huhitaji si chini ya gramu moja ya oksijeni, yaani zaidi ya mara mbili ya akiba yote iliyomo. Kinacholiokoa tangi ni hewa mpya inayoingia bila kukoma kupitia uso wa maji, ikisaidiwa na pampu.

Sasa watu wanne wa nyumba hiyo wanapita kwa nyakati tofauti, kila mmoja anawaona samaki wakimjia juu, kila mmoja anatupa gramu moja. Samaki wamepata mara nne ya mahitaji. Chakula chenye protini ya asilimia 30 hivi hutoa karibu miligramu 30 za naitrojeni ya amonia kwa kila gramu, kwa hiyo gramu nne huongeza miligramu 120 kwa siku, sawa na miligramu 2 kwa kila lita. Kichujio kilichokomaa kina bakteria wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na sumu kali. Lakini bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na tangi la mwezi wa kwanza halina wa kutosha. Ubaya wa amonia unategemea pia aina ya maji: maji yakiwa na pH 8 badala ya 7, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Maji mengi ya visima vya pwani kwenye miamba ya chokaa yako upande huo wa juu.

Siku chache baadaye matamvua yameanza kuungua. Samaki wanakaa juu muda mrefu zaidi, midomo ikifunguka na kufumba. Wenye nyumba wanaona tabia waliyoizoea, wanahitimisha kwamba njaa imezidi, wanaongeza chakula. Samaki aliyekula huhitaji oksijeni zaidi kwa saa kadhaa akisaga chakula hicho. Usiku umeme unakatika, pampu inazimika, na asubuhi samaki wanaelea. Lawama hupewa umeme. Umeme ulikuwa pigo la mwisho, lakini tangi lililolishwa gramu moja kwa siku lingeuvumilia usiku huo kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo ninapoona hoja ya mazoea na hoja ya hewa zinapoungana. Mazoea huzaa kulisha kupita kiasi, kulisha kupita kiasi huzaa dhiki ya hewa, na dhiki hiyo hujificha nyuma ya sura ya mazoea.

## Namna ya kuzitenganisha

Kipimo cha kwanza na bora zaidi ni kuwaona samaki wakiwa hawamwoni mtu. Simu iwekwe ikirekodi mbele ya tangi, kila mtu atoke chumbani kwa nusu saa. Samaki wenye mazoea watashuka na kuendelea na shughuli zao baada ya dakika chache. Samaki wenye dhiki watabaki juu. Kurekodi alfajiri kuna thamani zaidi kuliko jioni.

Kipimo cha pili ni mkao. Anayeomba chakula huwa na nguvu: mapezi yamekunjuka, mkia unapiga, anahama kushoto au kulia mtu anapohama, na hukaa upande wa mtu. Anayetafuta hewa huwa mzito, mwili umeinama mkia ukiwa chini, vifuniko vya matamvua vinapiga haraka, naye yuko popote kwenye uso wa maji, mara nyingi karibu na mahali maji ya kichujio yanapodondokea. Mtu akisogea ghafla anashtuka, anazama, kisha anarudi palepale polepole.

Kutupa punje mbili tatu kunasaidia lakini si hukumu ya mwisho. Samaki aliyezidiwa hatazigusa, au atazichukua na kuzitema. Ila samaki aliye kwenye hatua za mwanzo za dhiki bado hula, na hapo punje zinaweza kudanganya.

Ikishukiwa hewa, maji yabadilishwe robo hadi theluthi kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalokaribiana, na uso wa maji utikiswe kwa pampu. Kama tatizo lilikuwa oksijeni peke yake, samaki hupata nafuu ndani ya saa moja. Wasipopata, sababu ni amonia, nitriti au ugonjwa wa matamvua, na vipimo vya maji vya matone au karatasi ndivyo vitakavyoamua. Kulisha kusimamishwe kwa siku mbili tatu bila hofu.

## Je, mazoea haya yaachwe au yavunjwe

Mazoea yakishathibitika, swali linalobaki ni kama yafaa kuyaacha. Kuna sababu nzuri za kuyaacha. Samaki asiyekuja juu siku ambayo wenzake wote wamekuja ndiye wa kwanza kuonyesha ugonjwa, na mwenye tangi hupata ukaguzi wa afya kila siku bila kumkamata yeyote. Samaki waliozoea watu pia hawachoki kwa hofu kila mara mtu anapopita.

Gharama zake ni kulisha ovyo, ambako kunazuilika kwa kupima chakula cha siku nzima asubuhi, kukiweka kwenye kichupa kidogo na kukubaliana nyumbani kwamba kichupa kikiisha hakuna zaidi. Anayetaka kupunguza kukimbilia juu kwenyewe anaweza kulisha kwa saa maalumu na kwa ishara tofauti, labda kugonga meza au kuwasha taa, na kupita mbele ya tangi mara nyingi bila kutoa kitu. Ategemee siku za kwanza samaki waombe kwa nguvu zaidi kuliko awali kabla tabia haijafifia. Anayekata tamaa katika siku hizo na kutupa punje chache atakuwa amewafundisha kung'ang'ania.

Kwa matangi ya sato yaliyo nje, hesabu ni nyingine. Samaki waliozoea kupanda kila kivuli kinapotokea hupanda pia kwa korongo na mdiria, na hapo silika iliyofutwa na chakula inageuka hasara. Kufuta mazoea hayo kungemnyima mfugaji kipimo chake cha hamu ya kula, ambacho ndicho humwambia lini aache kutupa punje na lini ashuku maji. Wavu uliotandazwa juu ya tangi unazuia ndege na kumwachia kipimo hicho.